Kadi mpya, makato yaleyale: nani aliwapa namba?

"Nipo Houston. Tarehe 9 Aprili nilipoteza pochi, nikapiga simu benki, kadi yangu ya debiti ikafungwa na nikaletewa nyingine yenye namba tofauti kabisa. Hiyo namba mpya sijampa mtu yeyote. Lakini tarehe 1 Mei klabu ya mazoezi wamenikata dola 39 kama kawaida, na wakati huohuo bima ya gari, waliojaribu kukata tarehe 11 Aprili, walikataliwa na wakanitumia onyo. Nani kawapa klabu namba yangu? Kama ni benki, mbona bima hawakupata? Mimi nilidhani kadi ikifungwa, na klabu nayo inakufa yenyewe."

Dada yangu, aliyeitoa namba ni benki yako mwenyewe, na hakuna mtu aliyekuibia kitu. Benki haikuwapigia klabu simu wala kuwaandikia. Iliuarifu mtandao wa kadi, yaani ule ambao nembo yake imechapwa kwenye kona ya kadi yako, na klabu ikaipata namba huko kupitia kampuni inayoishughulikia malipo yake. Nitachukulia kwamba kadi yako ni ya Visa, ambako huduma hii inaitwa Visa Account Updater. Kama ni Mastercard, ile ya kwao inaitwa Automatic Billing Updater, na kazi yake ni ileile ingawa majibu yake yanaandikwa kwa namna nyingine.

Tuanze na jioni ile uliyopiga simu. Mfanyakazi aliyekupokea aliiwekea kadi yako alama ya kupotea, na tangu dakika hiyo kila ombi la malipo lililokuja na namba ya zamani lilikataliwa. Kisha mfumo wa benki ukafungua namba mpya na kuiunganisha na akaunti ileile ya fedha, kwa sababu kilichofungwa ni kadi, na akaunti yenyewe haikuguswa. Tuseme namba ya zamani iliishia na 4417 na mpya inaishia na 9083. Baada ya hapo benki hukusanya mabadiliko yote ya namna hiyo kutoka kwa wateja wake na kuyapeleka Visa. Kumbukumbu moja katika mkusanyiko huo ni fupi sana: namba ya zamani na tarehe yake ya mwisho, namba mpya na tarehe yake ya mwisho, pamoja na alama inayosema ni badiliko la aina gani. Humo hamna jina lako, anwani yako wala salio lako, na haisemwi popote kwamba ulipoteza pochi. Visa huziweka kumbukumbu hizo mahali pamoja na kusubiri aje mtu wa kuuliza.

Anayeuliza ni upande wa mfanyabiashara. Klabu yako haikai na namba za kadi kwenye daftari pale mapokezi. Imezikabidhi kwa kampuni ya malipo, ambayo inazihifadhi na kuzitoza kila tarehe 1. Siku chache kabla ya kutoza, kampuni hiyo hutengeneza faili la kadi zote zinazotarajiwa kukatwa na kulipeleka Visa ili lilinganishwe na zile kumbukumbu za benki. Kila kadi iliyopatikana humo hurudi na herufi moja. Herufi A maana yake namba imebadilika na mpya ni hii hapa. E maana yake namba ni ileile ila tarehe ya mwisho ni nyingine. V maana yake kila kitu kipo sawa. C maana yake akaunti imefungwa, usitoze tena. Q maana yake benki haitaki kutoa namba kwa njia hii, kwa hiyo muulize mwenye kadi mwenyewe. N ndiyo jibu linalorudi pale ambapo benki iliyotoa kadi haishiriki kabisa katika mpango huu.

Kwa kadi yako, mwishoni mwa Aprili, jibu lilikuwa A. Kompyuta ya kampuni ya malipo ikafuta 4417, ikaandika 9083, na asubuhi ya tarehe 1 Mei ombi la dola 39 likaenda benki likiwa na namba sahihi. Inawezekana kabisa kwamba hakuna mtu hata mmoja pale klabuni anayejua kwamba uliwahi kubadilisha kadi.

Wengi hufika hapa wakauliza habari ya zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Kadi mpya ina tarakimu tatu mpya, wewe hukuwapa, na Visa haikuwapa, maana huduma hii haizibebi, wametozaje basi? Wametoza bila kuzitumia. Kanuni za usalama wa kadi zinazowabana wafanyabiashara wote, zinazojulikana kama PCI DSS, zinakataza kuhifadhi tarakimu hizo mara tu malipo yaliyozihitaji yanapopata idhini. Kwa hiyo siku ulipojiunga na klabu ziliulizwa mara moja, zikathibitisha kwamba kadi ilikuwa mkononi mwako, kisha zikatupwa. Makato yote ya mwezi yaliyofuata, hata kabla hujapoteza pochi, yalikwenda bila hizo. Mahali pake, kila ombi huwekewa alama kwamba ni malipo ya kujirudia yanayoanzishwa na mfanyabiashara, pamoja na namba ya kumbukumbu inayoelekeza kwenye muamala ule wa kwanza ambao wewe mwenyewe uliuridhia. Benki inapoiona alama hiyo huelewa kwamba mteja hayupo mbele ya skrini na kwamba ridhaa ilishatolewa. Ridhaa hiyo ndiyo inayobeba kila kitu katika habari hii, na nitairudia nikifika kwenye suala la klabu.

Sasa bima. Siwezi kufungua faili la kampuni yako ya bima, lakini tarehe ulizonipa zinaeleza mengi. Wao hutoza tarehe 11, nawe uliripoti tarehe 9. Mfanyabiashara anayetuma faili la ulinganisho siku nne au tano kabla ya kutoza, faili lake liliondoka tarehe 6 au 7, wakati kadi yako ilikuwa bado mkobani na bado hai. Jibu walilopata siku hiyo lilikuwa sahihi kwa siku hiyo: hakuna badiliko. Siku mbili au tatu baadaye kadi ikafungwa, na tarehe 11 wakatoza namba ambayo tayari ilikuwa imekufa. Kwa kadi iliyoripotiwa kupotea, msimbo wa kukataliwa ambao benki hurudisha ni 41, na huo ni miongoni mwa misimbo mizito: kanuni za Visa zinamkataza mfanyabiashara kuendelea kujaribu namba hiyo. Kwa hiyo mfumo wa bima uliacha kujaribu na kukutumia barua pepe. Klabu, kwa upande wake, ilikuwa na wiki tatu kati ya simu yako na siku ya kutoza, muda wa kutosha kwa badiliko kufika Visa na kurudi. Tofauti kati yao, kwa dhana yangu, haikuwa zaidi ya kalenda.

Ipo pia njia ya kuuliza papo kwa papo, ambapo ulinganisho hufanyika ndani ya ombi lenyewe la malipo, na mfanyabiashara anayeitumia hasumbuliwi na pengo hilo la siku chache. Lakini ni huduma ya kulipiwa na ya kuunganishwa, na si kila kampuni inayo. Mara nyingine mfanyabiashara hana huduma yoyote kati ya hizi. Anasubiri kadi ikataliwe, kisha anakuandikia. Wala hakuna sheria ya mtandao inayokuahidi wewe, mwenye kadi, kwamba namba yako itafika kwa kila mtu unayemlipa, na ndiyo maana sikushauri hata siku moja kuliachia bima, kodi ya nyumba au umeme vitegemee jambo hili.

Iko njia ya pili, tofauti kabisa na hiyo, ambayo huenda tayari unaitumia bila kuijua. Tangu 2014 Visa na Mastercard zimekuwa zikitoa tokeni, yaani namba mbadala inayokaa mahali pa namba ya kadi. Kwa macho inafanana na namba ya kadi, nayo hupita katika njia zilezile, lakini haijachapwa kwenye kadi yoyote, na huwa imefungwa kwa matumizi mamoja tu: simu yako hii, au mfanyabiashara yule. Mtandao wa kadi una hifadhi yenye ulinzi mkali inayojua kwamba tokeni fulani inaelekea kwenye kadi fulani. Ombi la malipo linapofika likiwa na tokeni, mtandao hutazama ndani ya hifadhi, huibadilisha kuwa namba halisi, na kulipeleka benki.

Ukitaka kuiona kwa macho yako, chukua simu yako kama umeweka kadi humo kwa ajili ya kulipa kwa kugusa. Fungua maelezo ya kadi ndani ya pochi ya simu. Mara nyingi utakuta tarakimu nne za mwisho za kadi na, chini yake au pembeni, tarakimu nne nyingine zisizofanana nazo, za namba iliyopewa kifaa chako. Kisha tazama risiti ya duka ulilolipia kwa simu. Mara nyingi zilizochapwa pale ni zile za pili. Hiyo ndiyo tokeni.

Sasa fikiria kadi inapobadilishwa. Katika njia ya kwanza, mfanyabiashara anayo namba yako halisi, na namba hiyo inapokufa ni lazima atafutiwe nyingine. Katika njia ya tokeni mfanyabiashara habadilishi chochote. Benki huuarifu mtandao kwamba tokeni iliyokuwa ikielekea 4417 sasa ielekee 9083, mtandao hurekebisha mstari mmoja ndani ya hifadhi yake, na tokeni yenyewe hubaki vilevile. Hakuna faili la kusubiri wala siku nne za pengo. Ndiyo maana watu wengi hushangaa kwamba kadi iliyomo kwenye simu inaanza kulipa kabla bahasha yenye kadi ya plastiki haijafika kwenye sanduku la barua. Kampuni kubwa za filamu na muziki za mtandaoni nazo zimeelekea huko, na kama klabu yako inatumia kampuni ya malipo ya kisasa, inawezekana dola zako 39 zilipita njia hii badala ya ile ya herufi A. Kwako matokeo ni yaleyale, ila tofauti itakuwa na maana tutakapofika kwenye kujitoa.

Kuisha kwa muda wa kadi ni jambo jepesi kuliko kupotea. Kadi iliyoandikwa 08/26 hutumika hadi siku ya mwisho ya Agosti 2026, na benki nyingi huleta mpya kabla ya hapo ikiwa na namba ileile, tarehe mpya na tarakimu tatu mpya za nyuma. Kinachohitaji kusafiri ni tarehe peke yake, jibu E. Hata isiposafiri, benki inaweza kuamua kuyapitisha malipo ya kujirudia yenye tarehe ya zamani, kwa kuwa namba inaitambua na ridhaa inaijua. Benki isiyotaka hurudisha msimbo 54, kadi imeisha muda. Kwa hiyo ukiona kadi imeisha na makato yanaendelea, usihitimishe kwamba mfanyabiashara amefanya ujanja. Huenda hajui lolote, na benki ndiyo iliyoamua.

Najua wasiwasi uliokuwa nyuma ya swali lako: kama namba mpya inasambaa yenyewe, aliyeokota pochi yangu naye ataipata? Hapana. Hawezi kuandika namba ya zamani mahali fulani akajibiwa namba mpya, kwa sababu anayeruhusiwa kuuliza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, kupitia benki au kampuni yake ya malipo, na kwa kadi za wateja wake tu. Pamoja na hayo, kuna upenyo mmoja ambao nataka uuangalie kwa makini. Endapo mtu huyo, katika saa zile kabla hujapiga simu, alijiandikisha kwenye huduma ya kulipia kila mwezi kwa kadi yako, basi kwa macho ya mfumo hayo ni malipo ya kujirudia kama mengine, na namba mpya inaweza kuwafikia wenye huduma hiyo kama ilivyowafikia klabu. Benki inao uwezo wa kuzuia kumbukumbu ya kadi isipelekwe pale inapojua kulikuwa na utapeli, lakini wewe ulisema umepoteza pochi, hukusema umeibiwa. Pitia taarifa ya akaunti kuanzia 8 Aprili hadi leo, mstari kwa mstari, ukitafuta kiasi kidogo usichokitambua, cha dola moja au hata sifuri, maana majaribio ya kadi huanza na viasi vya namna hiyo. Ukikikuta, watajie benki jina la mfanyabiashara kama lilivyoandikwa, usiishie kusema "kuna kitu sikielewi."

Nimefika kwenye sentensi yako ya mwisho, kwamba ulidhani kadi ikifungwa na klabu inakufa yenyewe. Nimeisikia mara nyingi sana katika miaka niliyofanya kazi ya kadi, na inaniuma kila mara, kwa sababu mtu huwa tayari amepoteza miezi miwili mitatu ya makato ndipo anauliza. Kadi na mkataba ni vitu viwili. Mkataba wako na klabu uliandikwa siku ile uliyojiunga, na kadi ilikuwa njia tu ya kuulipia. Kufunga kadi hakugusi mkataba hata kidogo, na mpango mzima niliokueleza ulijengwa kwa makusudi ili kubadilika kwa kadi kusikatize mikataba ambayo mteja hajaivunja.

Hivyo hatua ya kwanza ni kuvunja mkataba wenyewe. Soma fomu uliyotia saini, utafute kifungu kinachoeleza notisi, maana klabu nyingi hudai siku 30 na baadhi hutaka barua, hazikubali maneno ya mdomo. Andika barua au barua pepe yenye tarehe, useme kwamba unasitisha uanachama na kwamba unaondoa ridhaa ya kutozwa kwenye kadi yoyote. Hifadhi nakala, na hifadhi jibu lao.

Hatua ya pili ni benki, na hapa sheria ya Marekani ipo upande wako. Kwa kadi ya debiti kanuni inayohusika ni Regulation E. Inakupa haki ya kuiagiza benki isimamishe malipo ya kujirudia yaliyopangwa, mradi uwape taarifa angalau siku tatu za kazi kabla ya siku ya kutozwa. Unaweza kuitoa kwa simu. Benki inaweza kudai uithibitishe kwa maandishi ndani ya siku 14, na usipofanya hivyo agizo lako la mdomo linaweza kupoteza nguvu, kwa hiyo andika hata kama hawakukuomba. Kwa tarehe 1 Juni mimi ningewapigia mapema, tuseme kufikia 22 Mei, ili sikukuu ya mwisho wa Mei na siku za mapumziko visikubane. Mwambie mfanyakazi kwamba unataka kusimamisha malipo yote yajayo ya mfanyabiashara huyu, na umsomee jina kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti pamoja na kiasi. Usiseme kwamba unataka kadi nyingine, kwa maana ukisema hivyo atakupa kadi nyingine, kumbukumbu mpya itapelekwa Visa, na mwezi ujao tutakuwa tumerudi hapahapa.

Agizo likishawekwa, ombi la klabu litarudi na msimbo R1, unaomwambia mfanyabiashara kwamba mteja ameondoa ridhaa yake kwa mfululizo huo wa malipo. Ni tofauti kubwa na 54 au 51. Msimbo 51 humaanisha fedha hazitoshi, na mfanyabiashara ana ruhusa ya kujaribu tena siku ya mshahara. R1 humfungia mlango. Muulize mfanyakazi jambo moja zaidi kabla hujakata simu: je, agizo hili linaifuata akaunti, au limefungwa kwenye namba 9083 peke yake? Kama limefungwa kwenye namba, itabidi uliweke upya kila kadi inapobadilishwa. Na kumbuka kwamba agizo la benki halifuti deni. Kama mkataba unadai notisi ya siku 30 na wewe umesimamisha malipo bila notisi, klabu inaweza kulifuatilia deni hilo kwa njia nyingine, hata kwa wakusanya madeni. Ndiyo maana barua ndiyo ya kwanza, benki ni ya pili.

Unaweza pia kuiomba benki ikutoe kabisa kwenye mpango wa kusambaza namba. Benki nyingi za Marekani huruhusu jambo hilo, kwa simu au ndani ya programu yao. Kuna mambo mawili ya kujua kabla hujaamua. La kwanza ni kwamba kujitoa kunahusu mabadiliko yajayo. Klabu tayari wana 9083, na hakuna anayekwenda kuifuta kwenye kompyuta zao. La pili ni kwamba kwa kawaida kujitoa kunagusa ile njia ya faili, si tokeni, kwa hiyo mfanyabiashara mwenye tokeni ataendelea kutoza kama kwamba hukusema lolote. Mimi binafsi sijajitoa. Faida ya kutokatiwa huduma ninazozitaka naiona kubwa kuliko usumbufu wa kusitisha ile moja nisiyoitaka, ila kwa mtu mwenye tabia ya kujiandikisha majaribio ya bure na kuyasahau, ningemshauri afanye hivyo leo.

Mwisho nikuoneshe mahali ambapo mnyororo huu hukatika kabisa, kwa kuwa uliniuliza kwa nini wengine hawapati. Hukatika unapohama benki. Miaka michache iliyopita nilifunga akaunti yangu ya zamani na kufungua nyingine kwingine, nikafanya kila kitu kwa mpangilio, nikabadilisha kadi kwa umeme, simu na kodi ya nyumba. Nikasahau anwani ya tovuti niliyokuwa nikiilipia mara moja kwa mwaka. Benki yangu ya zamani ilipeleka jibu C, akaunti imefungwa, kama ilivyopaswa, na benki mpya haikuwa na sababu ya kujua kwamba kuna mtu anasubiri namba yangu. Barua pepe za onyo zilikwenda kwenye anwani niliyoacha kuisoma. Niligundua baada ya rafiki kuniambia kwamba tovuti haifunguki, na anwani ile ya tovuti sikuipata tena. Malipo ya mara moja kwa mwaka ndiyo yanayoangusha watu, kwa sababu hayaonekani ukipitia taarifa za miezi miwili mitatu. Lazima uzirudie zote kumi na mbili.

Hali kama hiyo inaweza kumkuta pia ndugu aliyeko nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam, anayelipia huduma ya nje kwa kadi ya benki yake. Kama benki hiyo haipeleki kumbukumbu zake, jibu litakuwa N, na kila kadi inapoisha atalazimika kuiandika upya kwa mkono. Tokeni inaweza kumsaidia iwapo benki yake inazitoa. Anaweza kuliuliza tawi lake swali hilo moja kwa moja: kadi ikibadilishwa, je, wafanyabiashara niliowahifadhishia kadi hupelekewa taarifa?

Kwa leo, ingia kwanza kwenye akaunti yako ya bima kabla ya kugusa jambo la klabu. Tazama tarakimu nne za kadi iliyohifadhiwa pale. Ukikuta 9083, wameshaipata katika ulinganisho uliofuata, na utahitaji tu kuhakikisha lile deni la 11 Aprili limelipwa. Ukikuta bado 4417, iandike mpya mwenyewe na ulipe papo hapo, kisha utafute ndani ya lile onyo tarehe ambayo bima inakoma, kwa sababu gari haliruhusiwi barabarani Texas bila bima, na hiyo ndiyo tarehe usiyoweza kuisubirisha.